Mkanda wa Buluu Kutoka Kakola

Picha ilinifikia kwa Wasapu saa mbili usiku. Aliyeituma ni mpwa wangu, kijana anayeendesha karasha na mtambo mdogo wa kuchenjua dhahabu nje kidogo ya Kakola, mji uliokulia ubavuni mwa mgodi wa Bulyanhulu. Ilionyesha mtungi mwekundu wa kuzimia moto umeegemezwa kwenye gunia la mawe, vumbi limeukaa hadi shingoni. Chini kidogo ya mpini wake mtungi ulizungukwa na mkanda mpana wa buluu. Mpwa wangu aliandika hivi: "Shikamoo mjomba. Huu nimeupata kwenye vifaa chakavu kwa bei ya kutupa. Ni wa unga, sivyo? Nataka kuutundika kando ya paneli ya umeme."

Nilikaribia kumjibu ndiyo. Kwa mtu aliyefundishwa usalama kwa vitabu vya Kiingereza, kama nilivyofundishwa mimi, buluu ni unga mkavu, na habari imeishia hapo. Nyekundu tupu ni maji, rangi ya maziwa yaliyoganda ni povu, nyeusi ni hewa ya kaboni, na njano ni dawa ya maji ya kuzimia mafuta ya kupikia. Zamani Waingereza walipaka mtungi mzima rangi hizo, ukauona kwa mbali umesimama ukutani wote mweusi au wote wa buluu. Miaka ya 1990, walipokubali kanuni moja na Ulaya, kila mtungi mpya ukawa mwekundu na rangi ya zamani ikabaki kama mkanda unaochukua kati ya asilimia 5 na 10 ya mwili wake. Ndiyo maana leo tunauliza rangi ya mkanda badala ya rangi ya mtungi.

Kilichonizuia kujibu ni mahali picha ilikotoka. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na Geita ulikuwa umeutangulia mwaka mmoja. Tangu hapo ukanda huu umepokea mitambo, makontena na wakandarasi kutoka Kanada, Afrika Kusini, Australia na China, na kila kontena hushuka na vifaa vyake vya usalama vilivyoandikwa kwa desturi ya kwao. Kontena likichakaa au mkandarasi akiondoka, vifaa hivyo huishia kwa wauza chakavu, na kutoka hapo kwa vijana kama mpwa wangu. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya mkanda wa buluu wa Kakola ni hili: ni buluu ya nchi gani?

Australia na Nyuzilandi nao wana mtungi mwekundu wenye mkanda wa rangi, ukiutazama haraka huwezi kuutofautisha na wa Mwingereza. Lakini kwao mkanda wa buluu ni povu. Unga wao una mkanda mweupe. Njano, ambayo kwa Mwingereza ni dawa ya jikoni, kwao ni kimiminika kinachogeuka gesi, na hicho hutumika hata kwenye vifaa vya umeme. Kati ya mikanda, mweusi peke yake ndio waliokubaliana: ni hewa ya kaboni huku na huko. Nimewahi kuona fundi mzoefu kabisa akibisha jambo hili hadi akaletewa mitungi miwili mezani, kwa sababu kila mmoja wetu hudhani rangi aliyofundishwa ndiyo rangi ya dunia nzima.

Nilimjibu mpwa wangu asiutundike popote mpaka anitumie picha nyingine tatu. Nilimwomba aufute mtungi kwa kitambaa chenye maji, autoe nje kwenye mwanga wa mchana wa siku iliyofuata, kisha apige lebo yote kwa karibu, geji peke yake, na kitako cha mtungi. Taa za kichwani na balbu za njano za karashani hudanganya sana rangi. Mkanda wa maziwa huonekana njano chini ya balbu, na mweupe uliokaa mwaka mzima juani na kwenye vumbi huonekana wa maziwa. Kati ya rangi hizo tatu kuna unga, povu na dawa ya jikoni, na hakuna hata viwili kati yake vinavyofanya kazi moja.

Asubuhi picha za lebo zilikuja. Maandishi mengi yalikuwa yamekwanguka, lakini kitu kimoja kilibaki wazi pembeni: "9.0 L". Hapo nilijua. Povu na maji hupimwa kwa lita. Unga na hewa ya kaboni hupimwa kwa kilo. Mtungi wa povu wa lita 9 na wa unga wa kilo 9 inakaribiana kimo na unene, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi, lakini herufi hiyo moja nyuma ya namba haibadiliki ukivuka mpaka wa nchi. Muuza chakavu wa Kakola aliuza povu kwa jina la unga, na sidhani kama mwenyewe alijua.

Ushahidi wa pili ulikuwa kwenye picha ndogo za lebo, na hizi ningependa msomaji azitazame kabla hata ya kuutazama mkanda. Karibu kila mtungi una safu ya vichoro. Moto wa magogo au pipa la taka linalowaka ni vitu vikavu: mbao, karatasi, magunia, nguo. Dumu linalomwaga mafuta yanayowaka ni petroli, dizeli, rangi, spiriti. Mtungi wa gesi au kichomeo chenye ndimi za moto ni gesi. Kikaango kinachowaka ni mafuta ya kupikia. Plagi, soketi au mshale wa radi ni umeme. Kichoro kikiwa kizima, mtungi unafaa kwa moto huo. Kikikatwa kwa mstari mwekundu wa mshazari, ni marufuku. Kwenye lebo ya mpwa wangu magogo na dumu vilikuwa vizima. Kichoro cha umeme kilikuwa kimekatwa, na mstari wake mwekundu ulikuwa umepauka kwa jua hadi ukawa kama mkwaruzo. Kwenye picha ya usiku usingeuona kabisa.

Chini ya vichoro hivyo palikuwa na herufi mbili, A na B, zilizotanguliwa na namba. Waaustralia huongeza herufi E pale mtungi unapofaa kwa umeme, na hapa E haikuwepo. Herufi nazo zina mtego wake. A ni vitu vikavu na B ni vimiminika karibu kila mahali, lakini C hugeuka. Kwa Ulaya na Australia C ni gesi. Kwa Marekani na Kanada C ni umeme, na gesi zao wameziweka pamoja na vimiminika kwenye B. Mtungi wa hewa ya kaboni kutoka Kanada huandikwa B na C kwa sababu unafaa kwa mafuta na umeme. Aliyesoma vitabu vya Uingereza ataona C akaupeleka kwenye mtungi wa gesi ya kupikia unaovuja. Lebo ya Marekani hutambulika kwa maumbo: A ndani ya pembetatu ya kijani, B ndani ya mraba mwekundu, C ndani ya duara la buluu. Ukiona duara la buluu lenye C, soma umeme. Yakigongana maneno ya mkanda, herufi na kichoro, mimi hukifuata kichoro, kwa sababu picha ya plagi iliyokatwa haina tafsiri mbili.

Basi buluu ile ilikuwa povu la Kiaustralia, na alikuwa anataka kulitundika kwenye paneli. Povu ni maji kwa sehemu kubwa sana, na maji yenye dawa hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Karasha yake inatumia umeme wa njia tatu, volti 400 kati ya waya na waya. Kijana aliyesimama kwenye sakafu iliyolowa ya mwalo, viatu vimejaa tope, anaelekeza mkondo wa povu kwenye nyaya zilizo hai huku ameshika mtungi wa chuma. Mkondo huo unaweza kuuleta umeme mikononi mwake. Kuna mitungi ya povu ya kisasa kutoka Ulaya iliyoandikwa kuwa imejaribiwa kwa volti 35,000, na watu huichukua kama ruhusa. Maana yake ni kwamba ukiwa umbali wa mita 1 na povu likagusa kwa bahati mbaya kifaa kisichozidi volti 1,000, umepunguziwa hatari. Kukusudia kuzima paneli kwa mtungi huo ni jambo jingine.

Nilimwambia hivyo kwa simu, akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo mjomba nimepoteza hela?" Sivyo. Anazo pia dramu za dizeli za jenereta, na kwenye dizeli iliyomwagika povu ni zuri kuliko unga kwa jambo moja: hutandika blanketi juu ya mafuta na kuzuia mvuke usipande tena, wakati unga hukata mwali kwa sekunde chache, na chuma cha moto kilicho karibu kinaweza kuyawasha mafuta upya. Lebo yake ilisema B na kichoro cha dumu kilikuwa kizima. Kilichobaki kujua ni kama mtungi wenyewe ungetoa kitu, na hapo ndipo geji inapoingia.

Picha ya kwanza ya geji ilionyesha mshale uko ndani ya kijani. Niliitilia shaka kwa sababu uso wa geji ulionekana kama yai badala ya duara, yaani simu ilishikwa kwa chini na upande. Mshale wa geji umesimama juu kidogo ya uso wenye rangi, na kati yake kuna nafasi. Ukipiga kutoka upande mmoja, mshale huonekana umesogea upande mwingine. Kwenye geji ndogo kama sarafu, kusogea huko kunatosha kuvuka mpaka wa rangi. Nilimwambia apige tena simu ikiwa sambamba na kioo, bila taa ya simu kwa sababu mng'ao wake huficha nusu ya uso. Picha ya pili ilikuwa duara kamili, na mshale ulikuwa umelala ndani ya nyekundu ya kushoto, upana wa ukucha kutoka kwenye kijani. Mtungi ulikuwa umevuja.

Kusoma geji hakuhitaji kujua vipimo. Mingine imeandikwa bar, mingine psi, na mitungi ya Kichina, ambayo ndiyo ninayoiona zaidi kwenye maduka ya Kahama, huandikwa MPa, kwa kawaida kijani kikiwa kwenye 1.2, sawa na bar 12. Kijani ndicho cha kutazama. Nyekundu ya kushoto ni shinikizo limepungua. Upande wa kulia geji nyingi zina nyekundu nyingine, lakini geji za Kichina zina njano, na maana ni ile ile: umejazwa kupita kiasi. Wapo wanaoiona njano wakafikiri ni kama ya taa za barabarani, onyo dogo tu. Mtungi wa namna hiyo nao urudishwe kwa fundi. Joto la Kahama peke yake halitaufikisha huko. Ukitoka nyuzi 20 hadi 40, shinikizo la gesi hupanda kwa asilimia 7 hivi, na kijani kimeachiwa upana wa kubeba hilo.

Ipo mitungi isiyo na geji, na picha yake huwatia watu hofu bure. Wa hewa ya kaboni hautakuwa nayo. Utautambua kwa tarumbeta nyeusi mdomoni na maandishi CO2. Ndani yake hewa hiyo imeshindiliwa hadi ikawa kimiminika, na maadamu kimiminika kimebaki, shinikizo linabaki lile lile, kama bar 55 kwenye nyuzi 20, uwe umejaa au umebaki nusu. Geji ingekuambia umejaa hadi kimiminika kiishe. Kwa hiyo mtungi huu hupimwa kwa mizani. Uzito wake mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ongeza kilo za hewa zilizoandikwa, linganisha na mizani, na ikiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa imepotea, ujazwe. Mizani ya mawe ya dhahabu ipo kila mwalo, hivyo hili halina udhuru. Usio na geji mwingine ni ule wa unga wenye kichupa cha gesi kando au ndani, ambao hutundikwa sana kwenye mitambo mizito ya migodini. Unga wake hukaa bila shinikizo mpaka kichupa kitobolewe.

Mtambo mzito unanileta kwenye jambo ambalo picha haiwezi kukuonyesha. Geji hupima gesi, haipimi unga. Mtungi wa unga uliofungwa kwenye lori linalopita barabara ya vumbi na mashimo kila siku hutikisika hadi unga ushuke na kushikana kitakoni kama saruji iliyopata unyevu. Mshale utakaa kijani. Ukibonyeza, gesi itatoka peke yake kwa mluzi na unga utabaki ndani. Picha ikionyesha mtungi wa gari, uliza ulifunguliwa na fundi lini, na tazama pini na lakiri: lakiri iliyokatika maana yake mtu ameujaribu, na mtungi wa unga uliobonyezwa hata mara moja huvuja taratibu kwa sababu chembe za unga hukaa kwenye vali.

Tukapanga naye kambi yake upya kwa simu. Paneli ilihitaji hewa ya kaboni ya kilo 5, ambayo haiachi kitu kwenye nyaya, na ingetundikwa mlangoni mwa kibanda, si juu ya paneli, ili mtu asipite kwenye moto kuifuata. Jenereta na mota zikapata unga wa kilo 6. Povu, likishajazwa, liende kwenye dizeli. Nilimsisitizia asimruhusu mtu yeyote kushuka na mtungi wa hewa ya kaboni ndani ya duara. Hewa hiyo ni nzito kuliko tunayovuta, hutulia chini na kuisukuma ile yenye oksijeni; moto utazimika na mzimaji atazimia.

Akauliza kuhusu stoo ya sayanaidi, na nilifurahi ameuliza. Sayanaidi yenyewe haiwaki, lakini hewa ya kaboni ikikutana na unyevu hugeuka asidi hafifu, na asidi hafifu inatosha kutoa gesi ya sayanaidi kutoka kwenye vidonge vyake. Mtungi wenye mkanda mweusi, ambao kila kichoro chake kinasema unafaa, haufai mlango huo. Unga wa ABC nao una asili ya asidi. Hakuna kichoro cha sayanaidi kwenye lebo ya mtungi. Jibu liko kwenye karatasi ya usalama inayokuja na dramu ya sayanaidi yenyewe, na karatasi hiyo ndiyo ibandikwe ukutani. Kinachowezekana kufanywa leo ni kuondoa humo magunia matupu, mbao na dizeli, ili pasiwe na cha kuwaka.

Namba zilizotangulia herufi zilimvutia pia, maana kwenye unga mpya aliouona dukani ziliandikwa 34A na 233B. Kwa mitungi ya Ulaya, 233 ni lita za kimiminika zilizomwagwa kwenye trei ya majaribio, theluthi moja ikiwa maji, na moto wake ukazimwa na mtungi kama huo mikononi mwa mtu mwenye mazoezi. Kwa hiyo linganisha 233B na 113B ujue upi una nguvu zaidi, lakini usiiweke 233B kando ya dramu ya lita 200 ukahesabu umemaliza. Kilo 6 za unga huisha kwa sekunde 15 hivi. Australia huhesabu B yao kwa namna nyingine, na namba zao ni ndogo zaidi kwa mtungi wa ukubwa ule ule, hivyo usizilinganishe za nchi mbili. Na kabla ya kubonyeza, mmoja awe ameshapiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ameshazima swichi kuu.

Jumamosi iliyopita picha nyingine ikaingia. Mtungi wa povu umerudi kutoka kwa fundi, umefutwa, umetundikwa kwenye nguzo hatua chache kutoka kwenye dramu za dizeli. Geji imepigwa uso kwa uso, duara kamili, mshale katikati ya kijani. Juu ya mkanda wa buluu mpwa wangu amefunga utepe mweupe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa: POVU. SI UMEME.